Dole Gumba la Mnoa Visu

Fahali aliyemvunja mgongo Makali alikuwa mwekundu, mwenye pembe moja, na alikuwa wa kumi na saba asubuhi ile. Kumi na sita waliomtangulia waliingia katika kizimba cha chuma, wakapigwa kichwani, wakaanguka kama ilivyo desturi ya machinjio. Yeye alipigwa asianguke. Alirudi nyuma, akaling'oa lango pamoja na bawaba zake, akatoka na damu puani, akitafuta wa kumlipizia kisasi.

Makali alikuwa ameinama kwenye bomba akiosha kisu. Wenzake walimpigia kelele, lakini maji yalikuwa yakivuma. Fahali alimkuta kiunoni, akambana kwenye reli ya chuma, akarudi, akambana tena, na mara ya tatu ikasikika sauti ambayo kila mchinjaji pale aliitambua kwa kuwa aliisikia kila siku ya kazi, sauti ya mfupa unaoachana na mwenzake. Watu wanne walimrukia mnyama kwa mashoka. Walimkata akiwa amesimama, na damu yake ikamfunika Makali hata ikawa vigumu kujua ipi ya nani.

Wakati huo kaka yake, mnunuzi wa ngozi, alikuwa uani akipakia mali yake. Alikuja mbio, akawasukuma watu, akamnyanyua mdogo wake kutoka sakafuni, akamweka mgongoni kama gunia na kukimbia naye mpaka hospitali, mwendo wa zaidi ya nusu saa, bila kupumzika. Alipofika alianguka mlangoni, naye akalazwa siku nzima kwa uchovu. Mji mzima ulimsifu.

Lakini muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimwambia Makali jambo moja faraghani baada ya wiki tatu. "Mtu aliyevunjika uti hakunjwi, mwanangu. Analazwa juu ya ubao. Labda fahali alikuachia kitu kidogo, na ule mgongo wa kaka yako ukakimalizia. Labda. Mungu ndiye ajuaye." Makali alilala na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu alimwita muuguzi akamwomba asilirudie kwa mtu mwingine yeyote, naye mwenyewe akalifungia kifuani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa tena na habari na mwili wake.

Machinjio yalikuwa yakichangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kama sheria ilivyoamuru. Daktari alipokwisha kupima kiwango cha ulemavu, alifika kitandani afisa wa mfuko, mwanamke mfupi mwenye faili kubwa na maneno machache. Alichukua alama ya dole gumba la kulia la Makali, kwa kuwa Makali hakujua kuandika. Aliingia machinjioni akiwa na miaka kumi na miwili, na kalamu pekee aliyoijua ilikuwa ya chuma yenye makali.

"Ni kila mwezi, maisha yako yote," alisema afisa. "Na ukipata kazi nyingine hatukukati. Huu si mshahara, ni fidia ya mwili."

"Akizitaka zote kwa pamoja je?" aliuliza kaka mtu, aliyesimama upande wa miguuni.

"Kanuni yetu inaruhusu. Pensheni hugeuzwa ikawa mkupuo mmoja. Ombi liletwe ndani ya mwaka mmoja tangu malipo ya kwanza, lenye gumba la kulia la mwenyewe, mbele ya shahidi mwenye muhuri. Ila mkishaubeba, basi. Mwezi hauji tena, hata mje kulala mlangoni kwetu na godoro."

Makali alicheka kidogo. Kaka yake hakucheka, alikuwa akihesabu.

Mtu anayetembea hudhani kuwa asiyetembea hula kidogo na kutumia kidogo, kwa kuwa hana pa kwenda. Hakika ni kinyume chake. Makali alihitaji mirija ya kutolea mkojo mara nne au tano kwa siku, glavu, sabuni ya dawa, mto maalumu wa kukalia ambao bei yake ilizidi ya kitanda chake, na matairi ya kiti cha magurudumu yaliyoliwa na kokoto kila baada ya miezi michache. Akienda kliniki alikodi gari zima, kwa sababu hapakuwa na chombo cha wengi kilichokubali kumsubiri apande. Chumba cha zamani chenye ngazi tatu mlangoni kiliachwa, kikapangwa kingine kisicho na ngazi, nacho kikadai kodi ya kiburi chake. Mkewe aliyekuwa akiuza mboga alipunguza nusu ya siku yake ili amgeuze, amwogeshe na kumpima. Kwa hiyo nyumba ile ilipoteza mshahara mmoja na nusu, ikaongezewa gharama kama za mtu wa tatu.

Muuguzi alimfundisha sheria mbili kabla hajatoka. "Kila robo saa jiinue kwa mikono, makalio yaachane na kiti, uhesabu taratibu mpaka mia. Na usikae kitini zaidi ya saa nne kwa siku mpaka nitakapokuambia. Nyama yako ya chini imepoteza mlinzi. Zamani maumivu yalikuwa yakikuamsha. Sasa mlinzi ni wewe."

Akaanza kunoa visu. Nyuma ya soko la nyama palikuwa na kibanda cha mabati, na humo akaweka jiwe la mota, vinoo viwili na ndoo ya maji. Wauza nyama walimletea visu vyao mapema kabla ya wateja kuja, wakasimama kumngoja, maana mwenye bucha haachi kisu chake mahali. Kisu cha bucha ni kama mswaki. Kina mkono wa mwenyewe, hukiazimi wala hukiazimishi. Wakapanga foleni wakitaniana.

"Makali, huchoki kukaa?"

"Nichoke vipi, bwana, na nimekuja na kiti changu? Chokeni ninyi mnaosimama."

Kwa saa nne alipata chakula cha siku na akiba kidogo. Pensheni ililipa kodi na mirija. Mkewe alikuwa na kopo la unga lililokatwa tundu juu, na akiba hiyo iliingia humo. Laiti wangeendelea hivyo.

Lakini mwezi wa nane machinjio yalipata zabuni ya kulisha kambi kubwa ya wajenzi wa barabara. Ng'ombe wakachinjwa maradufu, visu vikaanza kurudi mara mbili kwa siku, na foleni ikafika barabarani. Makali akaona nafasi ya kujaza kopo kwa mwezi mmoja, kisha apumzike mwaka mzima. Siku ya kwanza alikaa saa sita. Ya tatu, nane. Wiki ya pili akawa anakaa saa kumi, na kwa kuwa watu walikuwa wamesimama wakimtazama, aliona haya kuacha kisu cha mtu juu ya jiwe ili ajinyanyue na kuhesabu mpaka mia kama mtoto wa chekechea. Hakusikia maumivu yoyote. Aliusoma mwili wake kwa kipimo cha zamani, kwamba kisichouma ni kizima.

Mwisho wa wiki ya tatu akaanza kusikia harufu. Pua ya mchinjaji haidanganyiki. Aliijua harufu ya nyama iliyolala kupita kiasi. Akamkemea jirani yake, mwenye bucha mzee aliyeitwa Shoka.

"Mzee Shoka, unauza nini leo? Nyama imekufa mara mbili."

"Nyama yangu ya asubuhi, wewe! Pua yako imeoza."

Siku ya pili akagombana na wauza utumbo. Siku ya tatu akatishia kuwaita watu wa afya. Soko zima likanusa mabucha yake, likasafisha meza kwa maji ya moto, likamwaga mapipa, na harufu ikabaki pale pale. Jioni ile Makali alirudi jua halijazama, tofauti na siku za karibuni alipooshwa gizani; mkewe alimgeuza kitandani kumwosha, akakiweka kitambaa chini.

"Nini?" Makali akauliza.

Mkewe aliinuka. Akachukua kioo cha kunyolea, akakiweka mahali ambapo mumewe angeweza kuona. Chini ya paja la kushoto, kwenye mfupa wa kukalia, palikuwa na shimo jeusi lenye kingo za kijivu, na ndani yake, kama jino, kitu cheupe. Makali alikuwa amefungua maelfu ya mizoga. Alijua anachokitazama. Alikuwa akiwakemea watu siku tatu kwa harufu ya mwili wake.

Hospitalini daktari aliikata nyama iliyokufa kwa mkasi na wembe bila ganzi, kwa kuwa haikuhitajika, na Makali, akiwa amelala kifudifudi, alisikia sauti ya kukatwa kwake kama alivyowahi kusikia ya ng'ombe. Homa ilipanda siku nne hata akapayuka, akimwita fahali kwa majina ya matusi. Alilala kwa tumbo wiki saba. Kopo la unga lilikwisha siku ya kumi na mbili. Mkewe akauza mota ya jiwe, akauza kitanda. Muuguzi yule yule mnene, alipokuwa akibadilisha bendeji, hakumwonea huruma.

"Mwezi mmoja wa ujanja umekugharimu miezi miwili kitandani. Ungeniuliza mimi, ningekuhesabia bure."

Kitu kimoja tu hakikukatika katika wiki zile saba. Kila mwisho wa mwezi pensheni iliingia, akiwa na homa au bila homa, akinoa au akioza. Kodi ikalipwa, mirija ikanunuliwa. Mkewe, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa karibu na kitanda, alisema neno ambalo Makali alilikumbuka maisha yake yote: "Kumbe sisi tulidhani jiwe ndilo linatulisha, na ule mwezi ni nyongeza. Mwezi ndio sakafu, bwana. Jiwe ni kiti juu yake."

Na hapo, akitazama sakafu kwelikweli kwa kuwa hakuweza kutazama kingine, Makali akaanza kufikiri namna ya kupata riziki isiyopimwa kwa saa za makalio yake. Mwenye bucha hanunui kunolewa, akawaza. Ananunua kisu kikali. Basi visu viwe vya Makali. Asubuhi kila bucha lipokee vikali, jioni virudi vibutu, na malipo yawe ya wiki, visu viwe vingi au vichache. Havitanolewa watu wakiwa wamesimama. Vitanolewa polepole, saa yoyote, na mkono wowote uliofundishwa.

Alipotoka alinunua mota iliyotumika na visu dazani tatu kutoka kwa bucha lililofungwa, kwa pensheni ya miezi miwili na kula kwa shida. Kisha akawaeleza wauza nyama. Walicheka mpaka wakashika meza.

"Nikate nyama kwa kisu cha mtu?" alisema Mzee Shoka. "Makali, kesho utaniambia nikodi na mke."

"Wako hata bure haendi, mzee," mtu akadakia, na kicheko kikaanza upya. Visu dazani tatu vikabaki katika kreti chini ya meza, vikali, bila kazi.

Mwaka wa malipo ya kwanza ulikuwa ukielekea ukingoni. Kaka mtu alikuwa ameweka malipo ya awali ya lori kwa fedha za wafanyabiashara wa ngozi waliomwamini, akitumaini mkupuo wa mdogo wake utafuata. Hao hawakuwa watu wa barua. Walikwisha kumvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa kuvibana kwenye mlango wa gari. Siku moja kabla ya mwisho alikuja nyumbani kwa Makali na mama yao, akiwa amefunga mkono kitambaa, na fomu mfukoni.

"Mwanangu," mama alisema, "lori likitembea si litawalisha nyote? Kaka yako amesema atakupa kila mwezi."

"Mama, mfuko unanipa kila mwezi bila kaka kukumbuka."

"Mimi sikumbuki?" Kaka aliinuka. "Mimi?"

"Kaka, lori ni gari. Gari hupata ajali, huharibika, hukamatwa. Mimi ajali yangu nimeshapata. Siwezi kukaa zaidi ya saa nne. Nikipata kidonda, nalala miezi miwili. Ule mwezi ukiondoka, kidonda kinachofuata kinanizika."

"Ngozi zangu za msimu mzima niliziuza kulipa kitanda chako cha hospitali! Na mgongo huu, mgongo huu ndio ulikubeba! Bila mgongo huu ungekuwa mifupa!"

Makali alifungua kinywa. Mkewe aliona kinywa kikifunguka, na shingo ya mumewe ikikaza kama ya mtu anayenyanyua mzigo. Kisha kikafumba.

"Najua ulinibeba," alisema. "Nitakulipa ngozi zako. Kidogo kidogo, nitalipa. Gumba siweki."

Kaka alipiga meza teke, chungu kikaruka, kikapasuka ukutani. Shemeji yake alipojaribu kumzuia alimsukuma, kichwa cha mwanamke kikagonga fremu ya mlango na damu ikamtiririka mpaka kwenye nyusi. Mama akapiga yowe. Kaka alisimama akitazama damu ile kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeitoa, kisha akatoka bila kiatu kimoja.

Siku ya pili ilikuwa ya mwisho, na ofisi ya mfuko hufungwa alasiri. Saa tatu asubuhi kaka alitokea nyuma ya soko, na pamoja naye alikuwapo karani wa mihuri aliyejulikana kwa jina la Miwani, ambaye kwa malipo mazuri alishuhudia chochote. Fomu ilikuwa imejazwa tayari, imekwisha kupigwa muhuri wa shahidi. Kilichobaki ni alama moja. Miwani alifungua kijaluba cha wino.

"Kaka, usifanye hivi mbele za watu," Makali alisema. Alikuwa na kisu cha kuchunia mkononi, ubapa wake ukiwa bado unatiririka maji.

"Nipe dole."

"Sikupi."

Kaka alikishika kiti kwa nyuma, akakipindua. Makali alianguka kifudifudi katika matope ya damu na maji, miguu yake ikijikunja chini yake kama nguo. Mota iliburutwa na waya wake, ikaanguka, jiwe likavunjika vipande vitatu. Wauza nyama waliinua vichwa. Kaka alimpiga ngumi ya kisogoni, akamkalia mgongoni, mahali pale pale alipovunjika, na Makali hakusikia uzito. Aliona tu kivuli. Mkono wake wa kulia ulivutwa mbele, ukapindwa, na Miwani akaleta kijaluba karibu.

"Nisamehe, mdogo wangu," kaka alikuwa akisema, akilia, huku akimpiga. "Wataniua. Nisamehe. Wataniua leo."

Kisu kilikuwa bado katika mkono wa kushoto. Wote waliokuwapo walisema baadaye kwamba walidhani atamchoma kaka yake paja, lililokuwa karibu na ncha kiasi cha kiganja kimoja. Na mchinjaji anajua mshipa mkubwa ulipo. Makali alikitazama kile kiganja kimoja. Kisha akakigeuza kisu, akakipeleka kwenye mkono wake mwenyewe uliokamatwa, na kwa mkato mmoja wa kuchunia, ule wa kutenga ngozi na nyama, akaondoa tumbo la dole gumba lake la kulia, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye ukucha.

Kipande kilianguka ndani ya kijaluba cha wino. Damu iliruka juu ya fomu, juu ya muhuri, juu ya vioo vya Miwani.

"Haya," Makali alisema, shavu likiwa matopeni. "Weka."

Miwani alikimbia, akaacha kijaluba na kiatu. Kaka alibaki amekaa pale, akijaribu kuifuta fomu kwa kiganja, akiipaka zaidi. Hapo ndipo wauza nyama walipomwangukia. Walikuwa watu wanaokata mifupa kwa riziki, na walimpiga kwa mikono mitupu, kwa ndoo, kwa ubao wa kukatia. Meno yalitoka, sikio likachanika, na mmoja alikwisha kuinua shoka.

"Mwacheni!" Makali alipiga kelele. "Mwacheni, ndiye aliyenibeba! Mzee Shoka, washike! Ndiye aliyenibeba mpaka hospitali!"

Mzee Shoka alikikamata kipini cha shoka hewani. Watu wakarudi nyuma wakihema. Kaka alijikokota hadi kwenye ukuta, akatazama mdogo wake matopeni, na kutoka kinywa kilichojaa damu akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza kabla: "Umeumia?"

Mchana ule ombi halikufika. Ofisi ilifungwa, na mlango wa mkupuo ukafungwa pamoja nayo.

Wafanyabiashara wa ngozi walilichukua lori, na banda la kaka, na ngozi zilizomo. Na kwa kuwa walimkuta amekwisha kuvunjwa, hawakuona faida ya kuongeza. Mama yao hakuzungumza na mwana yeyote kati ya wawili hao kwa miezi mingi.

Lakini Makali naye alikuwa amelipa. Mnoa visu bila gumba ni mtu anayetazama jiwe. Na mfuko, kwa haki kabisa, huhakiki kila mwaka kwamba mpokeaji yu hai, kwa alama ya gumba lile lililomo katika faili. Zamu yake ilipofika, mashine ilikataa kovu lake kama inavyomkataa maiti. Malipo yakasimama. Afisa mfupi alikuja mwenyewe, akalitazama gumba, akaomba kusimuliwa, kisha akafungua faili.

"Tutachukua la kushoto," alisema. "Ila lazima barua ya daktari, hati ya utambulisho, na faili lirudi makao makuu. Miezi miwili. Labda mitatu. Utapewa yote yaliyolala, lakini hadi hapo sina la kukupa."

"Miezi mitatu tutakula nini?" mkewe aliuliza.

Jibu lilikuwa limeanza siku ya vita yenyewe, wala hawakulitia maanani. Jioni ile, jiwe likiwa limevunjika na visu vya soko zima vikiwa vibutu, Mzee Shoka alikuwa ameinama chini ya meza ya Makali, akavuta kreti, akachukua visu viwili, akavijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Akaenda navyo. Kesho yake wakaja saba. Labda ilikuwa huruma, labda aibu ya watu waliomtazama mtu akipigwa kabla wao hawajainuka. Kwa vyovyote, desturi ya kisu na mkono wa mwenyewe ilivunjika pale, na haikurudi.

Wakanunua jiwe jipya kwa malipo ya wiki ya kwanza ya mabucha manane. Mkewe ndiye aliyekaa mbele yake, akiwa bado na kovu bichi juu ya nyusi. Makali alilala juu ya godoro kwa tumbo, kwa kuwa lile anguko lilikuwa limefungua kidonda upya kidogo, mlango ukiwa wazi kati ya chumba na ua. Hakumwona, alimsikia.

"Umekilaza mno. Kinapiga mluzi."

"Hivi?"

"Pandisha. Sasa kinakwaruza. Shusha unywele mmoja... hapo! Hapo hapo, usihame. Huo ndio wimbo."

"Kama wimbo wenyewe ni huu, bwana, nisamehe sichezi."

"Cheza tu, malipo ni ya wiki."

Kwa wiki sita alimfundisha kwa sikio. Asubuhi mkewe alivisukuma visu vikali kwa mkokoteni mdogo, jioni akarudi na vibutu. Katika miezi mitatu ya ukame wa mfuko hawakukopa hata siku moja. Na pensheni iliporudi, pamoja na yaliyolala, Makali hakuitia katika kopo la unga, wala hakununua kiti kizuri alichokitamani. Alifungua akiba katika chama cha akiba na mikopo cha wauza nyama, akaiweka humo, akasema mbele ya mkewe kwamba hiyo ni ya kidonda, na haitaguswa kwa lori, kwa harusi, wala kwa machozi. Kwa machozi, alisema, hasa.

Sasa amejifunza kushika kisu kwa vidole vinne, na hukaa kwenye jiwe muda wa saa nne kwa siku. Robo saa ikifika husimamisha jiwe, hata awe amesimama mbele yake mwenye bucha wa kumi aliyekuja kubadili visu, hujiinua kwa mikono, na kuhesabu kwa sauti mpaka mia. Wateja wameizoea. Wengine humsaidia kuhesabu, na wakorofi huruka kutoka arobaini hadi themanini, naye huanza upya.

Mwaka uliofuata kaka yake alirudi machinjioni kama mchuna ngozi wa ujira. Asubuhi moja alikuja kibandani, akasimama nyuma ya foleni, zamu yake ikafika. Meno ya mbele hayakuwapo.

"Visu viwili vya kuchunia," alisema. "Kwa wiki, bei gani?"

"Bei ya wote."

Kaka akatoa fedha. Makali alizipokea kwa mkono wa kulia, gumba lile likiwa laini na jeupe kama mwamba wa mtoni, akazigawa mafungu mawili, akamrudishia moja.

"Hizi za nini?"

"Za ngozi zako. Nilisema nitalipa." Kisha robo saa ikafika. Makali akazima mota, akashika mikono ya kiti, akajiinua na kuanza kuhesabu. Kaka yake alisimama palepale, mgongo wake ukiwa umeinama kidogo kwa umri na kwa kipigo, akimtazama akining'inia juu ya kiti chake kwa nguvu za mabega. Makali alipofika thelathini mikono yake ilianza kutetemeka. Kaka alipiga hatua moja mbele, akanyoosha mikono kumshika kwapani. Kisha akasita, kana kwamba amesahau namna ya kumbeba.

"Shika," alisema Makali. "Lakini usinikunje."

Wakahesabu pamoja mpaka mia.